Uzi: Vigawo vya 36 bila 6 ni latisi au si latisi? Nimepewa sifuri na sioni kosa

Mtahiniwa_2 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili chuoni, tunasoma hesabu za seti na mipangilio. Wiki iliyopita tulikuwa na jaribio, na swali la tatu lilisema hivi: chukua vigawo vyote vya 36, toa 6, halafu chunguza kama kilichobaki ni latisi kwa mpangilio wa kugawanyika. Yaani a iko chini ya b ikiwa a inagawa b bila baki.

Seti iliyobaki ni 1, 2, 3, 4, 9, 12, 18 na 36. Nilipita jozi moja moja. Kwa kila jozi nilitafuta namba zote za seti zinazogawanyika kwa zote mbili, nikachukua ndogo kuliko zote, nikasema huo ndio mpaka mdogo wa juu. Kwa 2 na 3, zinazogawanyika kwa zote mbili ni 12, 18 na 36, na ndogo ni 12. Kila jozi ilipata jibu lake, hakuna hata moja iliyokosa. Nikaandika: ni latisi.

Nimepata sifuri, na pembeni kumeandikwa maneno mawili tu: "angalia 2, 3". Nimeangalia 2 na 3 siku nne sasa. Nyumbani nimeandika hata programu ya kuhakiki, na yenyewe inasema kama mimi:

```python
S = [1, 2, 3, 4, 9, 12, 18, 36]

def mpaka(a, b):
    juu = [u for u in S if u % a == 0 and u % b == 0]
    return min(juu)
```

`mpaka(2, 3)` inarudisha 12. Kosa liko wapi?

---

Bandari_Usiku

Mkuu, latisi ninayoijua mimi ni ya fuwele, jinsi chembe za chumvi zinavyojipanga kwa safu: sodiamu, klorini, sodiamu, klorini. Hiyo ya 2 na 3 inahusiana vipi? Au unamaanisha idadi ya chembe katika kipande kimoja?

---

Mtahiniwa_2

Hapana ndugu, jina ni moja ila vitu ni viwili. Hapa latisi ni seti yenye mpangilio, ambamo kila jozi ina mpaka mdogo wa juu na mpaka mkubwa wa chini. Hakuna chembe wala umbali.

---

Kokotoa_Pole

Mimi naona mhadhiri amekuonea. Seti yako ina mwisho, ina kitako ambacho ni 1 na ina kilele ambacho ni 36. Jozi yoyote utakayochukua, 36 iko juu yake na 1 iko chini yake. Kwa hiyo kila jozi ina mipaka ya juu. Na ukiwa na namba chache zenye mwisho, huwezi kukosa iliyo ndogo kati yake. Seti yoyote yenye mwisho, kilele na kitako ni latisi. Kata rufaa.

---

Babu_Vigawo

Kokotoa, nusu ya kwanza ya maneno yako ni sahihi kabisa. Kila jozi ina mpaka wa juu, kwa sababu 36 ipo. Nusu ya pili ndiyo inayomponza huyu kijana, na imeponza wengi.

Mtahiniwa, umeandika mwenyewe kwamba a iko chini ya b ikiwa a inagawa b. Huo ndio mpangilio wako, na ndani ya swali hili hakuna mwingine. Sasa nijibu: kwa mpangilio huo, 12 iko chini ya 18?

---

Mtahiniwa_2

12 haigawi 18. Kwa hiyo haiko chini yake. Wala 18 haiko chini ya 12.

---

Babu_Vigawo

Basi uliposema 12 ni ndogo kuliko zote kati ya 12, 18 na 36, ulitumia udogo gani?

Ulitumia udogo wa sokoni, ule wa shilingi 12 na shilingi 18. Huo ni mpangilio mwingine, na swali halikuuliza huo. Mpaka mdogo wa juu wa 2 na 3 unatakiwa uwe chini ya kila mpaka wa juu wa jozi hiyo, na "chini" maana yake ni kugawa. 12 inagawa 36, vizuri, ila haigawi 18. 18 nayo inagawa 36 na haigawi 12. Kwa hiyo kati ya 12 na 18 hakuna aliye chini ya mwenzake. Zote mbili ni za chini kwa maana kwamba hakuna mpaka mwingine chini yao, lakini hakuna iliyo chini ya wote. Jozi ya 2 na 3 ina mipaka ya juu mitatu na haina mpaka mdogo wa juu.

Mhadhiri hakukuonea. Amekuonyesha jozi yenyewe.

Programu yako ina ugonjwa huohuo. `min` haijui habari ya kugawanyika, inalinganisha namba kwa ukubwa wa kawaida. Badili mstari wa mwisho:

```python
    return [m for m in juu if all(u % m == 0 for u in juu)]
```

Hapo unadai m inayogawa kila mpaka wa juu. Ikirudi orodha tupu, jozi hiyo imekosa.

---

Mtahiniwa_2

Nimeiendesha kwa jozi zote 28. Jozi moja tu imerudisha orodha tupu, nayo ni 2 na 3. Nyingine zote zina jibu.

Nikageuza programu ili itafute mpaka mkubwa wa chini. Huko nako jozi moja tu imekosa, 12 na 18. Zilizo chini ya zote mbili ni 1, 2 na 3, na 2 haigawi 3.

Kinachonisumbua sasa ni hiki, Babu. Kwa vigawo kamili vya 36, bila kutoa kitu, ile `min` ya zamani inatoa jibu sahihi kila mara. Nimejaribu na 60, nimejaribu na 360, haikosei hata jozi moja. Kwa nini kule inafanya kazi na huku inadanganya?

---

Chaki_Nyeupe

Naomba nichomekee kitu hapa kabla Babu hajajibu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha KDS na KKS kila mwaka. Kila mwaka kuna mtoto anayenyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, Kigawe Kidogo cha Shirika cha 12 na 18 ni 36. Kigawo Kikubwa cha Shirika ni 6. Mbona Kidogo ni kikubwa kuliko Kikubwa?"

Huwa najibu kwamba vigawe ni vitu vingine na vigawo ni vitu vingine, watie alama herufi ya mwisho. Mtoto anakaa kimya, lakini naona usoni hajaridhika. Haya maneno ya juu na chini yanaweza kumsaidia? Au nitamchanganya zaidi?

---

Babu_Vigawo

Mwalimu, mtoto huyo ameuliza swali zuri, na jibu lake ni mchoro. Huu hapa wa vigawo vyote vya 36. Mstari unapanda kutoka namba kwenda ile inayogawanyika kwayo:

```
          36
         /  \
       12    18
      /  \  /  \
     4    6     9
      \  /  \  /
       2     3
        \   /
          1
```

Mwekee mtoto kidole kimoja kwenye 12 na kingine kwenye 18. Mwambie apande na vidole vyote viwili mpaka vikutane kwa mara ya kwanza. Vinakutana 36. Halafu arudi mwanzo, ashuke na vidole vyote viwili mpaka vikutane. Vinakutana 6. KDS ni kidogo kati ya wale walio juu, KKS ni kikubwa kati ya wale walio chini. Maneno kidogo na kikubwa yanashindanisha kila kundi lenyewe kwa lenyewe, hayashindanishi kundi moja na jingine. Aliye juu hawezi kuwa mdogo kuliko aliye chini.

Kisha arudie kwa 4 na 9. Kupanda vinakutana 36, kushuka vinakutana 1.

Mtahiniwa, swali lako nalijibu jioni, nina kikao.

---

Mangi_Maboksi

Jamani huu uzi umenigusa kwa upande wa kazi. Nauza sabuni za vipande kwa jumla. Kiwandani zinafungwa kwa pakiti za mbili mbili na za tatu tatu. Zamani nilikuwa napata boksi la vipande 6, na kila kitu kilikuwa kinaingia: pakiti tatu za mbili, au pakiti mbili za tatu. Na maboksi ya 6 yanajaa kwenye katoni ya 12, yanajaa kwenye katoni ya 18, hakuna nafasi inayobaki.

Mwaka jana mwenye kutengeneza maboksi akaacha kutoa la 6. Nikabaki na 12 na 18. Nikasema basi la 12 liwe boksi langu dogo, kwa kuwa ndilo dogo lililopo. Nikakwama siku wateja walipotaka katoni za 18. Boksi moja la 12 linaingia, linabaki pengo la vipande 6 ambalo halijazwi na boksi la 12. Nilidhani ni bahati mbaya ya vipimo. Sasa naona ni jambo hilihili mnalolijadili, au nimekosea?

---

Babu_Vigawo

Mangi, hujakosea, na nafuta jibu nililokuwa nimeanza kuandika kwa sababu la kwako ni bora. Angalia alichokiona: weka 12 ndani ya 18, linabaki pengo la 6. Na 6 ndiyo namba iliyotolewa kwenye seti.

Mtahiniwa, hiyo ndiyo sababu yako. Chukua namba a na b, na m iwe kigawe chao cha shirika kilicho kidogo kwa ule udogo wa sokoni. Chukua kigawe kingine chochote cha shirika, kiite u. Gawa u kwa m upate baki r. Sasa u inagawanyika kwa a na b, m nayo inagawanyika kwa a na b, kwa hiyo ukitoa m mara kadhaa kutoka u, kinachobaki nacho kinagawanyika kwa a na b. Baki ni ndogo kuliko m. Lakini tulisema m ndiyo ndogo kuliko zote. Njia pekee iliyobaki ni baki kuwa sifuri. Maana yake m inagawa u, na hiyo ni kwa kila u.

Kwa namba zote za kuhesabia, basi, aliye mdogo sokoni ndiye aliye chini ya wote kwa kugawanyika pia. Na kwa vigawo vyote vya 36 hoja inasimama vilevile, kwa sababu 36 yenyewe ni kigawe cha shirika cha jozi yoyote ya vigawo vyake, hivyo m inagawa 36, hivyo m imo ndani ya seti.

Ulipotoa 6 ulivunja mahali pamoja tu. Hoja inasema baki lazima liwe mpaka wa juu mdogo zaidi. 18 kwa 12 ni mara moja baki 6, na hiyo 6 kweli inagawanyika kwa 2 na kwa 3. Ila haimo tena kwenye seti yako, kwa hiyo hakuna wa kupinga 12 kujiita mdogo, na `min` ikamwamini.

---

Kokotoa_Pole

Nimekubali kuhusu kilele na kitako. Niliona mpaka wa juu upo nikadhani kazi imeisha.

Ila nina njia ya haraka ya kuhakiki. Namba mbili ukizizidisha unapata KDS mara KKS. 12 mara 18 ni 216, na 36 mara 6 ni 216. Kwa hiyo badala ya programu, mtu azidishe tu kila jozi. Ikilingana ni latisi, isipolingana si latisi.

---

Babu_Vigawo

Upande mmoja unafaa, upande wa pili hapana. Kanuni hiyo ni ya KDS na KKS. Mpaka mdogo wa juu ndani ya seti fulani si lazima uwe KDS.

Toa 6 na pia utoe 12. Inabaki 1, 2, 3, 4, 9, 18, 36. Mipaka ya juu ya 2 na 3 sasa ni 18 na 36, na 18 inagawa 36. Basi jozi hiyo ina mpaka mdogo wa juu, nao ni 18. Pitia jozi nyingine uone, zote zina jibu juu na chini. Hii ni latisi halali. Lakini 2 mara 3 ni 6, wakati 18 mara 1 ni 18. Kwa kipimo chako ungeitupa nje.

Ndiyo maana siku zote nauliza kwanza: mipaka unaitafuta ndani ya seti ipi? KDS ya 2 na 3 ni 6, leo na kesho. Mpaka mdogo wa juu wa 2 na 3 unategemea nani yumo chumbani.

---

Chaki_Nyeupe

Subirini, hapa nimeachwa. Tukitoa namba moja inaharibika, tukitoa mbili inapona?

---

Mtahiniwa_2

Mwalimu, hata mimi nilishtuka, nikakesha nalo.

Nilianza kwa kutoa namba moja moja kutoka vigawo vya 36. Ukitoa 1, jozi ya 2 na 3 haina kitu chochote chini yake. Ukitoa 36, jozi ya 12 na 18 haina kitu juu yake. Hayo mawili yako wazi. Kati ya zile saba za katikati, ni 6 peke yake inayovunja. Ukitoa 4, au 9, au 12, au yoyote nyingine, latisi inabaki.

Nikafanya vilevile kwa 60. Huko katikati zinazovunja ni mbili, 6 na 10. Bila 6, jozi ya 2 na 3 ina mipaka 12, 30 na 60. Gawa 30 kwa 12, mara mbili baki 6. Bila 10, jozi ya 2 na 5 ina mipaka 20, 30 na 60. Gawa 30 kwa 20, baki 10. Kila mara baki linakutajia jina la namba iliyotolewa, kama lile pengo la Mangi.

Halafu nikaangalia kwa nini 6 na 10 na si 12 au 15. Nadhani nimeona. Kwenye mchoro, 6 ina mistari miwili inayoingia kutoka chini na miwili inayotoka kwenda juu. Ni njia panda kotekote. 12 ina miwili chini (kutoka 4 na kutoka 6) lakini ndani ya 60 ina mmoja tu juu, kwenda 60. Ukiondoa 12, waliokuwa wanakutana hapo wanasogea pamoja kwenda 60, hawagawanyiki njia. Ukiondoa 6, wengine wanakwenda 12 na wengine 30.

Babu, niko sawa?

---

Babu_Vigawo

Uko sawa, na unaweza kuitambua namba ya namna hiyo bila mchoro. Iwe d, na n iwe namba ambayo vigawo vyake ndivyo seti yetu. Namba tasa zinazogawa d ziwe angalau mbili tofauti, na namba tasa zinazogawa n ÷ d nazo ziwe angalau mbili tofauti. Kwa 60 na 6: 6 ina 2 na 3, na 60 ÷ 6 ni 10, yenye 2 na 5. Inavunja. Kwa 60 na 12: 60 ÷ 12 ni 5, ina namba tasa moja tu. Haivunji. 15 nayo inaacha 4, ambayo ni 2 peke yake. Haivunji.

Jaribu 24. 6 inaacha 4, 12 inaacha 2, hakuna hata moja ya katikati inayovunja. Kwa hiyo mhadhiri asingeweza kutunga swali lile kwa 24 kwa kutoa namba moja ya katikati. Alichagua 36 kwa makusudi.

---

Mangi_Maboksi

Sasa mimi nifanyeje? La 6 halirudi.

---

Babu_Vigawo

Kwa yale aliyoonyesha kijana, una njia mbili za kuondoa ule mgongano. Acha katoni za 18 ubaki na 12, au acha za 12 ubaki na 18. Ukiacha moja, pakiti za mbili na za tatu zinakuwa na boksi moja la kukutania. Lipi uache, hilo linaamuliwa na wateja wako. Hesabu haina la kusema hapo.

---

Mangi_Maboksi

Wateja wa 18 ni wengi zaidi, ila wa 12 wanalipa taslimu. Nitafikiri.

---

Mtahiniwa_2

Nimemaliza kujaribu jozi za kutoa kwenye 36. Baada ya kutoa 6, ukitoa na 2, au 3, au 12, au 18, latisi inarudi. Ukitoa 4 au 9 badala yake, jozi ya 2 na 3 inabaki imekwama kati ya 12 na 18 kama mwanzo. Wanaoponya ni wale wanne waliokuwa wamegusana na 6 kwa mstari, na hilo linaleta maana: unaondoa mmoja wa wagombea wawili wa juu, au mmoja wa wale wawili wanaotafuta pa kukutania.

Kwa 60 nimetoa 6 na 10 zote mbili. Jozi mbili zinakwama, 2 na 3, halafu 2 na 5. Nikatoa na 30. Zote mbili zikapona kwa mpigo mmoja. Nikarudisha 30 nikatoa 2, vilevile zikapona.

Ila kwa 360 nimekwama. Ina vigawo 24, na namba za katikati zinazovunja nimehesabu 10. Nikitoa kadhaa kwa pamoja, programu inaniambia imepona au haijapona, lakini mimi mwenyewe siwezi kutabiri kabla haijaniambia. Sheria ya Babu ya namba tasa inajibu kwa namba moja tu inayotolewa. Kuna mwenye njia ya kuona kwa macho ukitoa tatu au nne?

---

Chaki_Nyeupe

Mimi njia sina. Ila leo nimechora ule mchoro ubaoni, na yule mtoto akaweka vidole kwenye 12 na 18 bila kuambiwa mara ya pili. Aliposhuka akafika 6. Akaniuliza kama nikiifuta hiyo 6 vidole vitakwenda wapi. Nikaifuta. Kidole kimoja kikasimama kwenye 2, kingine kwenye 3, akabaki ananitazama.